Mkono Usimtangulie Msimulizi

Mwaka 2010, jumuiya ya London iitwayo Royal Society of Arts ilianza kutoa hotuba za wageni wake kwa namna mpya. Badala ya kumwonyesha msemaji jukwaani, video ilionyesha mkono ukichora kwa kalamu nyeusi kwenye ubao mweupe, ukifuata kila alichosema. Mfululizo huo uliitwa RSA Animate, na mkono ulikuwa wa mchoraji Andrew Park wa kampuni ya Cognitive Media. Hotuba ya Ken Robinson kuhusu elimu ndiyo iliyosambaa kuliko nyingine. Mwaka 2012 kampuni ya Sparkol ya Bristol, Uingereza, ikaingiza sokoni programu ya VideoScribe, na tangu hapo asiyejua kushika kalamu naye aliweza kutoa video ya aina hiyo, kwa sababu mkono na kalamu vinatoka ndani ya kompyuta.

Leo vijana wengi wenye wazo la biashara wanaitumia njia hii kumweleza mkopeshaji, mnunuzi au mteja kile wanachotaka kufanya. Nyingi ya video zao zina michoro mizuri na sauti safi, lakini mtazamaji akimaliza hajui alichoambiwa. Kosa mara nyingi liko kwenye saa. Mkono umechora jambo kabla halijasemwa, au umechelewa hata sauti ikawa imekwenda kwingine.

Kwamba saa ina uzito limeshapimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, akiwa na Richard Anderson, aliwaonyesha wanafunzi jinsi pampu ya baiskeli inavyofanya kazi. Baadhi yao walisikia maelezo huku picha zikitembea, wengine walipewa maelezo kwanza na picha baadaye. Maneno na picha vilikuwa vilevile kwa wote, tofauti ilikuwa wakati tu. Walipoulizwa maswali ya kutumia akili, kwa mfano pampu ikigoma tatizo laweza kuwa nini, waliosikia na kuona kwa pamoja waliwashinda wenzao.

Lakini “kwa pamoja” maana yake nini pale ambapo picha haitokei yote mara moja, bali inachorwa mstari kwa mstari kwa sekunde tatu au nne? Wanaoanza hudhani kwamba mkono uanze sentensi inapoanza na umalize sentensi inapoisha. Mimi naona kipimo hicho ni cha juu juu. Mtazamaji hasubiri mchoro uishe. Kuna mstari mmoja ukishachorwa anasema moyoni, “Ah, huyo ni kuku,” na kinachofuata ni mapambo. Huo ndio wakati wa kutambua, na ndio unaopaswa kukutana na neno. Mchoro unaweza kuanza mapema au kumalizika baadaye bila madhara, mradi utambuzi usilitangulie neno kwa mbali wala usiachwe nyuma.

Tuchukue mfano tuufanyie kazi mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja wa Musoma anataka kujenga vichanja vya kuanikia dagaa na kuwakodisha wachuuzi wengine nafasi kwa siku. Anahitaji video fupi ya kuwaonyesha wenzake wa kikundi cha kukopeshana, na baadaye wateja. Maelezo yake ni haya:

“Usiku usio na mwezi, wavuvi wa Musoma huwasha taa ziwani, na dagaa hujaa nyavuni. Asubuhi, dagaa hao humwagwa mchangani wakauke. Mchanga huingia, kuku hupita, na mvua ikinyesha, mzigo wote huoza. Mnunuzi akitafuna mmoja akasikia mchanga, anashusha bei. Sisi tumejenga vichanja vya nyavu, vimeinuliwa mita moja kutoka ardhini. Upepo hupita juu na chini, kwa hiyo dagaa hukauka upesi. Mvua ikitishia, tunavuta turubai juu yake. Huna haja ya kujenga kichanja chako. Unakodi nafasi kwa siku, ndoo kwa ndoo. Leta ndoo yako asubuhi, lipa shilingi elfu mbili, wakikauka chukua dagaa wasio na mchanga.”

Hayo ni maneno 90. Miongozo mingi ya Kiingereza inasema msimulizi husoma maneno 150 kwa dakika, na ukiifuata utadhani una video ya sekunde 36. Hutaipata. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo ni afadhali kuhesabu silabi. Hapa zipo 245. Msimulizi anayesoma kwa utulivu hutamka silabi tano na kitu kwa sekunde, kwa hiyo maneno yenyewe yanakula kama sekunde 46, na ukiongeza mapumziko kati ya sentensi unafika karibu 52. Anayepanga michoro ya sekunde 36 kisha akapokea sauti ya sekunde 52 atalazimika kuubandua mpango wake wote.

Ndiyo maana sauti inarekodiwa kwanza, kabla ya mstari wowote kupangiwa muda. Chumba chenye godoro, mapazia na nguo nyingi kinatosha, kwa kuwa vitu laini humeza mwangwi. Jambo la kuzingatia ni kuacha pumziko la nusu sekunde au zaidi baada ya kila sentensi. Usiunganishe sentensi kwa pumzi moja hata kama unaona unasikika mchangamfu, kwa sababu mapumziko hayo ndiyo utakayoyarefusha au kuyafupisha baadaye bila msikilizaji kugundua.

Sauti ikishapatikana inafunguliwa kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Unasikiliza, na kila sentensi unaichagua toka mwanzo hadi mwisho kisha unabonyeza Ctrl+B na kuipa jina. Halafu unarudi tena, safari hii ukitafuta neno moja tu katika kila sentensi, lile ambalo picha yake lazima itambulike linapotamkwa. Unabofya pale neno linapoanza na kuweka alama nyingine. Ukimaliza, amri ya Export Labels inakupa faili la maandishi lenye mwanzo, mwisho na jina la kila alama, kwa sekunde. Kwa sentensi ya pili ya mama yetu linasomeka hivi:

```
7.900000	11.700000	S2
10.200000	10.200000	mchangani
12.300000	18.300000	S3
```

Sentensi inaanza kwenye sekunde 7.9, neno “mchangani” linatamkwa kuanzia 10.2, na sentensi ya tatu inaanza 12.3. Kwa hiyo picha ya sentensi ya pili ina sekunde 4.4 za kuishi, na mchanga wenyewe uonekane karibu na 10.2.

VideoScribe humpa kila mchoro muda wa aina tatu: Animate, yaani muda wa kuchora, Pause, muda wa kutulia baada ya kuchora, na Transition, muda wa kamera kuhamia mchoro unaofuata. Ukijumlisha vitatu unapata muda wote wa mchoro huo, na mchoro wa pili hauanzi mpaka wa kwanza umalize zamu yake. Ndani ya mchoro mmoja huna rungu kubwa la kuamua mstari fulani uanguke sekunde fulani. Ukichora dagaa, ndoo inayomwagwa na mchanga kuwa picha moja, mchanga utatokea pale foleni ya mistari itakapoufikisha.

Dawa yake ni kuikata picha vipande viwili vinavyokaa mahali pamoja kwenye ubao. Kipande cha kwanza ni mwanamke anayemwaga ndoo ya dagaa: Animate 2.0, Pause 0.3, Transition 0. Kinaanza 7.9 na zamu yake inaisha 10.2. Kipande cha pili ni vitone vya mchanga chini ya dagaa na mstari wa ufuko: Animate 1.0, Pause 0.3, Transition 0.8. Jumla inafika 12.3 kamili, na kitone cha kwanza cha mchanga kinagusa ubao msimulizi anapotamka “mchangani”. Kwa kuwa kamera haikusogea kati ya vipande hivyo, mtazamaji anaona picha moja inayokamilika.

Sentensi ya tatu inatega. Ina mambo matatu ndani ya sekunde sita: mchanga, kuku, mvua. Wengi huandaa picha tatu na kuirusha kamera kutoka moja kwenda nyingine. Kila safari ya kamera inakula karibu sekunde nzima, na katika muda huo mkono hauchori na jicho halisomi. Ni bora kubaki pale pale ufukoni. Mchanga umeshachorwa, kwa hiyo maneno “mchanga huingia” hayahitaji mchoro mpya, mkono utulie. Kwenye “kuku” chora nyayo za kuku zikikatiza juu ya dagaa, kisha kuku mwenyewe pembeni, kwa mistari saba au minane. Kwenye “mvua” chora mistari ya mshazari. Kwenye “huoza” chora mkato mmoja mkubwa juu ya mzigo wote. Biashara nzima ya mama huyu ni kuondoa balaa hizo zinazopandana juu ya samaki wale wale, na mtazamaji anaziona zikipandana mahali pamoja.

Sentensi ya nne ina hatari ya aina nyingine. Mnunuzi anatafuna, anasikia mchanga, anashusha bei. Kituko kiko mwishoni. Ukimchora mnunuzi akiwa tayari ameshika noti yenye mshale unaoelekea chini, mtazamaji anasoma mwisho wa hadithi wakati sauti iko bado kwenye “akitafuna”, na sekunde mbili zinazofuata anasikiliza jambo analolijua. Hapa kipande cha noti na mshale kizuiliwe mpaka kwenye “anashusha”. Kwa jambo la kushtukiza, kuchelewa kwa robo sekunde si neno, ila kuwahi kwa robo sekunde kunaharibu. Kwa jambo la kueleza, kama urefu wa kichanja, ni kinyume chake, kwa sababu miguu ya kichanja ikiwa imeshasimama “mita moja” inapotajwa, kilichobaki ni mshale mmoja wa wima.

Kwenye sentensi ya sita, “Upepo hupita juu na chini”, mama anataka mshale mmoja wa upepo juu ya wavu na mwingine chini yake, kila mmoja kwenye neno lake. Kati ya “juu” na “chini” kuna kama nusu sekunde tu. Mkono unaochora mshale kwa muda huo na kurukia mwingine unaonekana kuwa na kiwewe. Hapa sauti ndiyo inayosubiri. Rudi Audacity, weka kishale baada ya “juu”, na kwa amri ya Silence iliyo kwenye menyu ya Generate ongeza kimya cha sekunde 0.4. “Upepo hupita juu… na chini.” Sikioni inasikika kama mkazo, na mkono umepata nafasi. Ila ukiongeza kimya, alama zote za mbele zinapaswa kusogea pamoja na sauti. Washa Sync-Lock Tracks kabla ya kugusa chochote, na ufanye marekebisho yote ya kimya kabla ya kutoa faili la alama, vinginevyo utakuwa unapanga michoro kwa saa ya jana.

Je, mkono unaweza kukimbia kiasi gani? Sijui namba moja inayofaa kila mchoro, lakini jicho linatambua upesi. Mchoro wenye mistari mingi ukilazimishwa kuisha ndani ya sekunde moja unusu, kalamu inarukaruka kama nzi na mtazamaji anaanza kuiangalia kalamu badala ya kile inachochora. Hapo usiongeze muda unaoiba kwa jirani. Punguza mistari. Mvuvi wa sentensi ya kwanza hahitaji vidole wala macho, mtumbwi hauhitaji mbao zake. Mtumbwi mmoja, vichwa viwili, taa na miale yake. Miale hiyo ikitokea kwenye neno “taa”, usiku umeshaeleweka.

Michoro yenyewe inataka kutengenezwa kwa namna ambayo programu itaifuata. Ukiingiza picha ya kawaida ya JPG au PNG, mkono haufuati mistari yake. Unapapasa huku na huku na picha inafunuka chini yake, na utambuzi unakuja ovyo. Inatakiwa SVG, faili linalohifadhi mistari yenyewe. Inkscape, nayo ya bure, inatengeneza SVG, lakini ina mtego. Amri yake ya Trace Bitmap, inayogeuza picha iliyopigwa kwa simu kuwa SVG, haikupi mstari. Inakupa umbo lililojazwa wino, lenye ukingo pande mbili. Mkono unaufuata ukingo mmoja kwenda, mwingine kurudi, na shingo ya kuku inachorwa mara mbili kwa muda maradufu. Dalili yake utaiona mara moja: kalamu inazunguka kando ya mstari badala ya kupita juu yake. Kuliondoa hilo, weka picha ya simu chini, ifunge isisogee, kisha upitie juu yake kwa kalamu ya Inkscape, mstari mmoja mmoja, bila kujaza rangi.

Hapo ndipo unapopata pia uwezo wa kupanga foleni. Mistari inachorwa kwa mpangilio wake ndani ya faili: kilicho chini kabisa kwenye orodha ya Objects kinachorwa kwanza, cha juu kabisa mwisho. Kwa kuku, mdomo na upanga wa kichwani ndivyo vinavyomtambulisha. Mwili peke yake unaweza kuwa bata, chungu au mawe. Ukitaka atambulike mapema, kichwa kishushwe chini ya orodha. Ukitaka achelewe, kipandishwe juu. Bila kubadilisha hata sehemu moja ya sekunde kwenye VideoScribe, umeusogeza wakati wa kutambua.

Kosa linalowachosha watu kuliko yote hutokana na kwamba zamu zinafuatana. Ukikosea robo sekunde kwenye kila mchoro kwa upande ule ule, na una michoro 20, kwenye mchoro wa mwisho umeachana na sauti kwa sekunde tano. Mwenye video huona mwisho umeharibika, akaanza kurekebisha mwisho, wakati chanzo kiko kwenye mchoro wa pili. Tengeneza jedwali. Safu B iwe mwanzo wa mchoro, C iwe Animate, D iwe Pause, E iwe Transition, na mwanzo wa mchoro unaofuata, kwenye B3, uandikwe hivi:

```
=B2+C2+D2+E2
```

Fomula hiyo ikishavutwa hadi chini, weka kando yake safu ya alama za Audacity. Mstari wa kwanza ambao namba hizo mbili zinaachana kwa zaidi ya sehemu mbili za kumi ya sekunde ndio wa kushughulikiwa, na ukirekebishwa, mara nyingi iliyo chini yake inajirudi yenyewe.

Asiye na kompyuta anaweza kufanya kazi hii kwa ubao halisi na simu iliyofungwa juu yake. Focus na mwanga wa kamera vifungwe visibadilike, la sivyo picha itakuwa ikiwaka na kufifia kila mkono unapopita. Kisha klipu inaharakishwa kwenye programu ya kuhariri. Hesabu yake ni muda uliochora ukigawanywa kwa nafasi uliyo nayo: mtumbwi uliochukua dakika 1 na sekunde 36, ukitakiwa kukaa kwenye sekunde 6.4, unaharakishwa mara 15. Faida ya njia hii ni kwamba unaweza kuikata klipu mstari unaotambulisha unapoanza, ukapa kila upande kasi yake. Hasara yake ni kwamba ukitaka kumhamisha kuku baadaye, unachora upya.

Maneno kwenye ubao yawe machache sana. Kuandika sentensi ile ile inayosemwa humfanya mtazamaji asome kwa kasi yake huku akisikiliza kwa kasi ya msimulizi, na vitu hivyo viwili havilingani. Kwenye video ya mama yetu ningeacha “1 m”, “2,000/=” na namba ya simu. Namba hiyo haisomwi na sauti. Inaandikwa sauti ikishanyamaza, kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu, kisha inaachwa ikae sekunde nne au tano, kwa kuwa hapo ndipo watu hupiga picha ya skrini.

Kabla ya kuituma, mtafute mtu asiyeijua biashara hiyo. Chezesha video, uisimamishe ghafla pale hasa neno la alama linapoanza, umwulize anaona nini. Akijibu sawasawa bila kusita, pita. Akisema “sijui bado”, kipande hicho kinachelewa, au mstari unaotambulisha uko mwisho mno wa foleni. Akiitaja na sentensi inayofuata pia, kimewahi. Fanya hivyo kwa alama zote, ukiandika jibu kando ya kila mstari wa jedwali. Halafu itume kwanza kwako mwenyewe kwa WhatsApp na uiangalie kwenye simu ndogo, maana video hubanwa njiani, na mistari myembamba ya nyavu, iliyokuwa safi kwenye kompyuta, inaweza kufika ikiwa ukungu wa kijivu. Ikiwa hivyo, rudi Inkscape, uongeze unene wa mstari, na uache tundu tano za wavu badala ya hamsini.